Uwiano wa 2.0 ulinifunga macho: swali ambalo sikumuuliza mteja wangu

Juzi usiku nilipata ujumbe kutoka kwa kijana aliyeanza kazi ya uhasibu mwaka huu. "Dada, habari za kazi. Mteja wangu anataka barua ya kupeleka kwa msambazaji, ya kuonyesha kwamba anaweza kulipa. Nimekokotoa: uwiano wa ukwasi 2.3, uwiano wa haraka 1.4, siku za wadaiwa 41. Naona yuko salama. Niandike?"

Nilisoma mara mbili, moyo ukanienda mbio. Namba hizo tatu zilifanana mno na zile nilizowahi kuzibeba mimi mwenyewe, nikazipeleka kwa mteja kwa kujiamini, na zikamgharimu. Nilimjibu asiandike chochote kwanza. Leo namjibu kwa urefu, pamoja na wengine wenye ndoto ya kuaminiwa kusoma hesabu za watu.

Mteja wangu alikuwa akiuza pampu na vipuri vyake kwa jumla na rejareja. Mzee mchapakazi, hesabu zake safi, risiti zote zipo. Alikuja ofisini na swali moja: amepata nafasi ya kuagiza mzigo wa milioni 120 kwa mkopo wa siku 45, je, achukue? Nilifungua mizania yake ya mwisho wa mwaka mbele yake. Bidhaa ghalani 310, wadaiwa 240, malipo yaliyolipwa mbele kama bima na pango 20, fedha taslimu na benki 30. Jumla ya mali za muda mfupi, milioni 600. Upande wa pili, wasambazaji 190, ovadrafti 60, kodi na malimbikizo mengine 50. Jumla, 300.

Uwiano wa ukwasi, yaani mali za muda mfupi kwa madeni ya muda mfupi, ni 600 kwa 300: 2.0. Nakumbuka nilivyomgeuzia karatasi aione namba ile nimeizungushia duara kwa kalamu. Kila deni moja analodaiwa ndani ya mwaka lina mali mbili za kulikabili! Nilikokotoa na uwiano wa haraka, nikaondoa bidhaa peke yake: 290 kwa 300, yaani 0.97. Nikasema hiyo ni karibu kabisa na 1. Siku za wadaiwa, yaani siku ambazo wateja wa mkopo huchukua kulipa, nilizitoa kwa mauzo yote ya mwaka, 1,460. Gawanya kwa 365, anauza milioni 4 kwa siku. Wadaiwa 240 gawanya kwa 4, siku 60. Wateja wake anawapa siku 30, kwa hiyo wanachelewa kidogo, nikamwambia, lakini si jambo la kutisha. Chukua mzigo.

Akachukua. Siku ya 45 alilipa nusu tu, msambazaji akamfungia mzigo, na wafanyakazi wake wakapokea mishahara wiki mbili baadaye. Alinipigia simu asubuhi. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alisema, "Mhasibu, wewe si uliniambia niko vizuri?" Bosi wangu alininyang'anya faili lile siku hiyohiyo. Sijawahi kulisahau duara langu la kalamu.

Nilikaa na karatasi zilezile Jumamosi nzima, na kosa nikalikuta mahali ambapo sikulitarajia. Halikuwa kwenye uwiano wa ukwasi. Lilikuwa kwenye siku za wadaiwa.

Nusu ya mauzo ya mzee yule yalikuwa ya taslimu, dukani, mtu analipa anaondoka na pampu yake. Mtu aliyelipa papo hapo hawezi kuwa mdaiwa. Nilipowagawanya wadaiwa kwa mauzo yote, nilichanganya watu wanaolipa leo na watu wanaolipa baada ya miezi, nikapata wastani usiomhusu yeyote kati yao. Hesabu inayostahili ni hii:

```
Siku za wadaiwa = Wadaiwa ÷ Mauzo ya mkopo × 365
```

Mauzo ya mkopo yalikuwa 730, yaani milioni 2 kwa siku. 240 gawanya kwa 2 ni siku 120. Si 60. Watu waliopewa mwezi mmoja wanalipa baada ya minne. Mizania ni ileile, mteja ni yuleyule, na jibu limekuwa maradufu kwa sababu ya kubadilisha namba ya chini tu. Taarifa ya mapato mara nyingi inatoa mauzo kwa jumla moja bila kuyagawa, kwa hiyo mgawanyo huo lazima umwombe mteja mwenyewe. Mimi sikumwomba. Swali la sekunde kumi.

Jumatatu nilienda kumwomba mzee radhi, nikamwomba pia orodha ya umri wa madeni, ile inayoonyesha kila deni limekaa siku ngapi bila kulipwa. Aliitoa kwenye droo, imekunjwa mara mbili. Safu ya mwisho, ya madeni yaliyopita siku 180, ilikuwa na mstari mmoja tu: milioni 90, mteja mmoja. Mzee alinieleza bila kusita kwamba mteja huyo aligoma kulipa, anadai pampu nyingi zilivuja, na wamekuwa wakivutana tangu mwaka uliopita. Yeye alilijua hilo siku zote. Kwenye mizania deni lile lilikaa limetulia ndani ya zile 240, bila kutengewa kiasi chochote endapo halitalipwa, na mimi sikuwa nimeuliza.

Sasa angalia kinachotokea ukiliondoa. Uwiano wa ukwasi unashuka kutoka 2.0 hadi 1.7, namba ambayo bado ingenifanya nitabasamu. Uwiano wa haraka ndio unaosema kweli, lakini mpaka uufanye kwa ukali: ondoa bidhaa, ondoa pia malipo yaliyolipwa mbele, maana bima uliyokwisha kulipia haiwezi kumlipa msambazaji. Zinabaki wadaiwa wazuri 150 na fedha 30, jumla 180. Kwa madeni 300, ni 0.6. Kutoka 0.97 niliyoipeleka mimi hadi 0.6, na hakuna hata senti moja iliyotoka kwenye biashara katikati.

Ndiyo maana nasema siku za wadaiwa zikokotolewe kwanza. Wengi wetu tunazifanya mwisho, kama kitu cha kujazia ukurasa. Lakini uwiano wa haraka umejengwa juu ya dhana kwamba wadaiwa ni karibu sawa na fedha. Kama wadaiwa wanachukua siku 120 na wasambazaji wanadai kwa siku 45, dhana hiyo imekufa, na uwiano wa haraka wa 1.4 hauna maana yoyote mpaka ujue wadaiwa hao ni akina nani na wana umri gani.

Nilifanya pia hesabu ambayo ilipaswa kufanywa siku ile mzee alipokaa mbele yangu. Ndani ya siku 45, nini kinaingia? Alikuwa na 30. Mauzo ya taslimu, milioni 2 kwa siku, yanaleta 90. Wadaiwa wanaolipa kweli wanaleta takriban milioni 2 kwa siku pia, 90 nyingine. Jumla 210. Nini kinatoka? Wasambazaji wa zamani 190, kodi na malimbikizo 50, mzigo mpya 120. Jumla 360, kabla ya mishahara, na kabla benki haijaitaka ovadrafti yake, ambayo inaweza kuitaka wakati wowote. Pengo ni 150. Uwiano wa 2.0 haukuweza kuliona pengo hilo kwa sababu unazihesabu bidhaa 310 zilizoko ghalani kana kwamba zitauzwa zote kesho, na hauna tarehe ndani yake.

Mambo mawili madogo ya kuangalia kwenye siku za wadaiwa, maana nimeyaona yakiwapotosha hata wazoefu. La kwanza ni kodi ya mauzo. Wadaiwa wameandikwa pamoja na kodi, mauzo yameandikwa bila kodi. Kama kiwango ni asilimia 20, deni la 120 limebeba mauzo ya 100 tu, kwa hiyo siku 120 kwenye karatasi ni siku 100 kwa kweli. Ankara za mzee yule hazikuwa na kodi hiyo, lakini za mteja wako huenda zinayo, na usimwonee. La pili ni orodha ya umri yenyewe. Kuna ofisi zinaingiza malipo ya mteja kama kiasi kizima bila kuyafungamanisha na ankara yoyote. Ukiona kwenye orodha mteja mwenye deni kubwa la zamani na hapohapo salio hasi kwenye safu ya mwezi huu, ujue umri huo haujapangwa. Rudi kwenye leja ya mteja huyo, uyafungamanishe malipo kwanza.

Ndugu zangu, tuache kupenda namba zinazotupendeza. Mteja haji kwako kwa sababu hajui kugawanya. Anakuja kwa sababu anaamini utauliza yale ambayo yeye ameyazoea kiasi cha kutoyaona tena. Mzee yule alikuwa na jibu kwenye droo yake! Kila siku niliyokaa naye lilikuwa pale. Sasa sikubali kutoa maoni ya ukwasi kwa mtu yeyote bila vitu viwili mezani: mgawanyo wa mauzo ya taslimu na ya mkopo, na orodha ya umri wa madeni. Mteja akisema nina usumbufu, na anione msumbufu. Mzee, kwa taarifa yenu, alirudi kwangu mwaka uliofuata na akaomba faili lake nilishike mimi. Najivunia hilo kuliko cheti chochote nilichonacho.

Kuhusu kijana wangu, nilimtuma akaulize swali lile la sekunde kumi. Jana jioni alinijibu. Asilimia 40 ya mauzo ya mteja wake ni taslimu. Maana yake mkopo ni asilimia 60, na 41 gawanya kwa 0.6 ni siku 68, wakati ankara zake zinasema siku 30. Orodha ya umri ameahidiwa Ijumaa. Barua bado haijaandikwa, na nimemwambia isiandikwe mpaka aione safu ya mwisho.