Kampuni inafungua Dar, mwanzilishi hajibu ujumbe wangu

Swali: Mimi ni mhasibu, mwaka wa nne sasa kwenye kampuni ya kusambaza vinywaji Dar es Salaam. Nilisoma kwamba kampuni changa ya Nairobi inayokopesha pikipiki za umeme kwa bodaboda inafungua Tanzania. Siku hiyo hiyo nilimwandikia mwanzilishi kwa LinkedIn, nikampongeza, nikaeleza ujuzi wangu wote na kuambatisha CV. Nilitumia kiolezo nilichonunua kwa kocha wa ajira, shilingi 25,000. Wiki mbili kimya. Kazini kwangu nalinganisha malipo ya maduka 340 yanayolipa kwa mitandao mitatu na benki. Nilipoanza, fedha zisizojulikana ni za nani zilifika milioni 11 kila mwisho wa mwezi. Sasa hazivuki 600,000. Nijaribu tena au nimeshaharibu?

Jibu: Hujaharibu. Karibu nina hakika ujumbe wako haukusomwa hadi mwisho, na ujumbe usiosomwa hauchafui jina la mtu. Kinachonikera ni kingine. Sentensi zako mbili kuhusu maduka 340 na ile milioni 11 ndizo pekee ambazo mwanzilishi huyo angesimama kuzisoma, na kwa maelezo yako kiolezo kilikupa nafasi ya pongezi na orodha ya ujuzi wote, hizo mbili zikazama humo humo. Mimi umeniambia bila kuombwa, tena karibu na mwisho, kama jambo la kupita tu.

Nimeajiri watu kwenye kampuni changa za Dar na Nairobi kwa miaka kadhaa, na kila habari ya kupanuka ikitoka najua kitakachoingia kwenye sanduku la barua: hongera, hongera, hongera. Watu wanaichukua habari ile kama sherehe, na kwenye sherehe mtu hupongeza. Mwanzilishi mwenyewe hayuko kwenye sherehe. Mara nyingi fedha zilishaingia wiki au miezi kabla ya tangazo, na siku unayoisoma habari yeye ameshaanza kuona yale ambayo hakuyapigia hesabu. Kwa hiyo isome habari hiyo kama orodha ya matatizo ambayo hayajaandikwa, kisha utafute moja ambalo wewe umeshalitatua kwa mikono yako. Moja tu.

Tuichukue hiyo kampuni yako. Inakopesha pikipiki, na dereva analipa kidogo kidogo, kila siku, kwa simu. Kenya, mtu anayesema atalipa kwa simu karibu kila mara anamaanisha M-Pesa ya Safaricom, na mfumo wa kampuni umejengwa kusikiliza mlango huo mmoja. Hapa Dar dereva mmoja ana M-Pesa ya Vodacom, mwenzake ana Mixx by Yas, ambayo wengi bado wanaiita Tigo Pesa, wa tatu ana Airtel Money, na wa nne ana HaloPesa kwa sababu ndiyo iliyoshika vizuri kijijini kwao. Halafu kuna mtego ambao wageni kutoka Nairobi huukanyaga: M-Pesa ya Vodacom na ile ya Safaricom zinashiriki jina tu kwa mtu wa hesabu. Ni kampuni mbili, mifumo miwili, na mafundi waliounganisha Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu za kampuni na M-Pesa, wanaanza kazi upya wakivuka Namanga.

Sasa fikiria dereva yuko Kariakoo na abiria mgongoni. Asubuhi amelipa kwa simu ya mkewe kwa sababu yake haikuwa na salio, na namba ya kumbukumbu amekosea tarakimu moja. Fedha imeingia kwenye akaunti ya kampuni, lakini mfumo haujui ni ya nani. Saa sita mchana pikipiki inazimwa kwa mbali kwa sababu deni la siku halijaonekana kulipwa. Yule dereva hatapiga simu kwa mhasibu. Atakwenda kijiweni kusimulia, na kesho yake madereva kumi wa kijiwe hicho hawachukui mkopo.

Kwenye kampuni yako ya vinywaji, fedha isiyo na mwenyewe inachelewesha hesabu za mwezi. Kwenye kampuni hiyo inamzimia mtu kitendea kazi chake. Ujuzi ni ule ule, ila kule uzito wake ni mara kumi, na hilo ndilo la kumwambia. Kusema "nina ujuzi wa malipo ya simu" hakutoshi, maana hata wakala wa mtaani anaweza kusema hivyo.

Kabla ya kuandika, hakikisha jambo moja kwenye habari yenyewe au kwenye ukurasa wao: nani anakusanya fedha? Kama wameingia kwa kushirikiana na kampuni ya hapa ambayo ndiyo itakayopokea malipo, basi tatizo hilo si lao, na ujumbe wako utakuwa umekosa shabaha hata ukiwa mzuri vipi. Angalia pia kama wana mkuu wa fedha au wameshamtangaza meneja wa Tanzania. Akiwepo, mwandikie yeye. Mwanzilishi huandikiwa pale kampuni ikiwa bado ndogo kiasi kwamba matatizo ya namna hii yanamfikia mwenyewe.

Mimi ningeandika hivi, kwa barua pepe, kwa sababu noti ya kuomba kuunganishwa LinkedIn ina herufi chache mno. Kama mwanzilishi huandika hadharani kwa Kiingereza, mwandikie kwa Kiingereza. Mpangilio ni huu huu.

"Kichwa: Malipo ya madereva Dar yasiyojulikana ni ya nani

Habari za kazi. Nimesoma kwamba mnaanza Dar na madereva watalipa kila siku kwa simu. Mimi ni mhasibu hapa Dar. Nalinganisha malipo ya maduka 340 yanayokuja kwa mitandao mitatu na benki. Nilipoanza, fedha zisizojulikana ni za nani zilifika shilingi milioni 11 kila mwisho wa mwezi. Sasa hazivuki 600,000. Nyingi zilitoka kwa watu wanaolipa kwa simu ya mtu mwingine au wanaokosea namba ya kumbukumbu. Nadhani kwenu jambo hili litauma zaidi, kwa sababu dereva aliyelipa asipoonekana anaweza kuzimiwa pikipiki. Nimeandika ukurasa mmoja wa jinsi ninavyozitenganisha. Nikutumie?"

Kisha jina na namba ya simu, basi. Hakuna CV. Hakuna "natafuta fursa". Si mtoto yule, atajua unatafuta kazi, na akitaka CV ataiomba. Hilo swali la mwisho linajibika kwa neno moja akiwa kwenye foleni ya uwanja wa ndege, wakati "ningependa tupange muda tuzungumze" linamtaka afungue kalenda kwa ajili ya mtu asiyemjua.

Tazama pia neno "nadhani". Mfumo wao hujauona. Nimesoma jumbe za watu wanaomwambia mwanzilishi kwamba kampuni yake ina kasoro fulani, na kumbe ilisharekebishwa mwaka uliopita. Sema ulichofanya wewe kwa uhakika wote, na lililo lao lisemee kwa kukisia.

Huo ukurasa mmoja lazima uwepo kabla hujatuma, maana akijibu "nitumie" saa tatu usiku unatakiwa kuwa nao. Eleza mafungu matatu. La kwanza ni miamala ambayo namba ya kumbukumbu inalingana; hiyo inapita yenyewe. La pili ni ile ambayo kumbukumbu imekosewa lakini namba ya simu iliyotuma inajulikana, au kiasi na saa vinamwangukia mteja mmoja tu. Hiyo mtu anaithibitisha. La tatu ni isiyo na chochote cha kushika, na hapo eleza nani anapiga simu na ndani ya saa ngapi. Ongeza mambo mawili ambayo asiyewahi kukaa kwenye kiti chako hayajui: mtu anayelipa, akapata huduma, kisha akaomba mtandao umrudishie muamala, na yule anayeleta picha ya ujumbe wa malipo ulioghushiwa. Andika unavyowagundua. Mwanzilishi akifika hapo anajua anaongea na mtu wa kazi.

Kwenye ukurasa huo usiweke hata mstari mmoja wa taarifa halisi za mwajiri wako: majina ya maduka, namba za simu, jedwali la miamala. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, lakini hata bila sheria, mwanzilishi anayepokea siri za mwajiri wako anaona jinsi siri zake zitakavyosafiri. Tunga mfano wenye miamala sita ya kubuni.

Kwa sababu uliandika LinkedIn, barua pepe itakuwa kama ujumbe mpya. Usianze na "nilikuandikia huko nyuma". Ikipita siku kumi bila jibu, tuma mara moja nyingine ukiwa na jambo jipya, mathalani tarehe waliyoanza kutoa pikipiki za kwanza na unachotarajia kutokea mwisho wa mwezi huo. Baada ya hapo acha.

Sasa nirudi kwa kocha wako. Violezo hivi vimezagaa kwenye magrupu ya WhatsApp na Telegram, na ubaya wake unazidi ile 25,000. Kuna wiki nilipokea jumbe saba zinazoanza kwa sentensi ile ile neno kwa neno, kuhusu "safari ya kutia moyo" ya kampuni yetu. Wawili kati yao walisahau kubadilisha jina la kampuni. Mmoja, nilikuja kugundua baadaye, alikuwa fundi hodari wa mifumo ya maghala, kitu tulichokuwa tunakihitaji mno, lakini ujumbe wake haukulitaja ghala hata mara moja. Tulimpata mtu mwingine baada ya miezi mitano.

Mbaya zaidi ni wale wanaowafundisha watu kupika asilimia. "Niliongeza ufanisi kwa asilimia 40." Nilimpigia simu mwombaji mmoja aliyeandika hivyo nikamuuliza: asilimia 40 ya nini, kutoka wapi kwenda wapi, ndani ya muda gani? Kimya. Kisha akaniambia, kwa unyenyekevu kabisa, kwamba kocha ndiye aliyeiweka. Kijana yule alikuwa na kazi ya kweli nyuma yake na angeweza kuieleza kwa shilingi na siku kama ulivyoeleza wewe, lakini nilikuwa nimeshaacha kuamini hata yale ya kweli. Wewe ukiulizwa milioni 11 ilipimwaje, una jibu: ni salio la akaunti fulani, tarehe ya mwisho ya mwezi fulani. Kalitafute hilo salio leo, uandike mwezi wenyewe pembeni, maana akipiga simu ndilo swali lake la kwanza.