Salio la mradi si salio la benki: maswali ya wahasibu wa vikundi

Oktoba mfadhili ametuingizia 40,000 za kazi ya mwaka mzima. Hesabu tunafunga Desemba. Zote niziandike mapato ya mwaka huu?

Kuna njia mbili halali, na ya tatu ambayo wengi huifuata bila kujua.

Ya kwanza: pesa zikiingia unadebiti benki na kukrediti mapato yaliyoahirishwa, upande wa madeni. Kila mwisho wa mwezi unahamisha kutoka humo kwenda kwenye mapato kiasi kilekile kilichotumika mwezi huo. Ikiwa hadi Desemba mmetumia 11,000, taarifa ya mapato na matumizi itaonyesha mapato 11,000 na matumizi 11,000, na 29,000 zitabaki kwenye mizania kama deni la kazi mnayodaiwa kuifanya. Mantiki hii ya kupanga mapato sambamba na gharama ndiyo iliyomo katika Kiwango cha Kimataifa cha Uhasibu namba 20, ingawa chenyewe kinahusu ruzuku za serikali.

Njia ya pili: unatambua 40,000 zote kuwa mapato, ila zinakaa katika safu yake ya mfuko wenye masharti, mbali na mfuko huru wa kikundi. Desemba mfuko huo unaonyesha 29,000 zilizobaki. Njia ipi ni yenu? Hilo huamuliwa na viwango mnavyoripotia pamoja na maneno ya mkataba, hasa kama unasema pesa zirudishwe kazi isipofanyika. Mkaguzi wenu awaambie mapema, kisha msibadilishe kila mwaka.

Njia ya tatu, ile mbovu, ni kutia 40,000 kwenye chungu kimoja na michango ya wanachama. Desemba kikundi kinaonekana kimepata ziada ya 29,000, watu wanapiga makofi kwenye mkutano mkuu, na mtu anapendekeza wanunue viti. Mwaka unaofuata kazi inafanyika, mapato hayapo, na vitabu vinasema mmepata hasara. Wala hakuna aliyeiba.

Kumbuka kwamba katika njia zote mbili halali salio ambalo halijatumika ni 29,000. Kinachobadilika ni mahali linapokaa.

Ripoti ya mradi wa maji inaonyesha salio moja, benki inaonyesha jingine dogo zaidi. Nimwandikie mfadhili lipi? Tuna akaunti moja tu ya benki.

Mwandikie la leja, lakini kabla ya kutuma uweze kueleza kila senti ya tofauti. Hapa ndipo nilipopotezea usiku mwingi nilipokuwa mkaguzi, kwa hiyo nivumilie. Ulinitumia karatasi zako. Nimeziwekea tarakimu za duara ili wengine wafuate.

Mmepokea 40,000. Riba ya benki iliyogawiwa mradi ni 200, na mkataba wenu unasema riba ni ya mradi. Jumla 40,200. Vocha zilizolipwa zinafika 27,500. Kuna ankara ya mafundi ya 1,800, kazi imekwisha lakini hamjalipa. Matumizi halisi basi ni 29,300, na salio la mfuko ni 10,900.

Je, benki kuwe na 10,900 za mradi? Hapana. Zile 1,800 za mafundi bado ziko benki, kwa hiyo ongeza. Halafu kuna masurufu ya 2,100 waliyochukua maofisa wa uwanjani na hawajaleta stakabadhi. Pesa hizo zimetoka benki lakini si matumizi bado. Ni deni la maofisa hao kwa kikundi. Toa. Pesa taslimu za mradi zinazopaswa kuwepo ni 10,900 kuongeza 1,800 kutoa 2,100, yaani 10,600.

Sasa benki. Baada ya kusuluhisha kitabu cha fedha na taarifa ya benki, hundi ambazo hazijapita zikiwa zimeshapunguzwa, akaunti ina 9,400. Humo, 1,500 ni za mfadhili wa mradi wa vijana. Zinabaki 7,900. Zilipaswa kuwa 10,600. Pengo ni 2,700.

Pengo hilo halikuyeyuka. Nimefuata vocha zako za miezi minne: pango la ofisi na mshahara wa mlinzi vililipwa wakati ada za wanachama hazijaingia. Kikundi kilijikopesha kutoka mradi wa maji na hakuna aliyeandika mkopo. Andika sasa: mfuko huru unadaiwa 2,700 na mfuko wa maji. Jaribio la kuhakikisha ni hili: mfuko wa maji 10,900, mfuko wa vijana 1,500, mfuko huru hasi 2,700, jumla 9,700. Upande wa pili, benki 9,400 kuongeza masurufu 2,100 kutoa deni la mafundi 1,800, jumla 9,700. Zimekutana. Zisingekutana, kungekuwa na muamala ulioandikwa mara mbili au usioandikwa kabisa, na hapo usitume ripoti.

Mambo mawili usiyafanye. Usipunguze salio la mradi hadi 8,200 ili pengo la 2,700 lipotee. Utakuwa umempelekea mfadhili pango la ofisi yenu chini ya jina la mabomba. Na usiyaandike masurufu kuwa matumizi ili yatoke machoni. Stakabadhi zikija za 1,600 tu, utarekebisha vipi ripoti iliyokwisha sainiwa? Masurufu yafungwe kabla ya tarehe ya ripoti, na anayechelewa asipewe mengine.

Soma pia mkataba wenu: baadhi ya wafadhili hutaka ripoti ya pesa zilizolipwa tu. Kwa mfadhili wa namna hiyo ankara ya mafundi haingii, na salio ni 40,200 kutoa 27,500, yaani 12,700, ambazo ni taslimu 10,600 na masurufu 2,100. Tarakimu zote mbili ni za kweli mradi umesema juu ya ripoti umetumia msingi upi. Anayeruka kati ya misingi hiyo, robo hii huu na robo ijayo ule, ndiye ambaye salio la kufungia halitalingana kamwe na la kufungulia.

Kuhusu lile pengo la 2,700, mwambieni mfadhili kabla hajaliona. Barua fupi yenye sababu, kiasi na tarehe ya kurudisha, iliyosainiwa na mwenyekiti na mweka hazina. Mikataba mingi hukataza mikopo ya aina hii, kwa hiyo barua haitawapa raha. Lakini nimeona wafadhili wakikubali mpango wa kulipa, na nimeona wakivunja mkataba kwa pengo dogo zaidi lililofichwa.

Tumesaini mkataba wa pampu ya 3,000, itafika mwezi ujao. Mwenyekiti anataka iandikwe imetumika ili salio lisionekane kubwa.

Pampu haijafika, ankara haijaja: hiyo ni ahadi ya malipo, si matumizi. Iweke kwenye maelezo chini ya salio: "Kati ya salio la 10,900, kiasi cha 3,000 kimefungwa na mkataba wa pampu uliosainiwa, itapokewa mwezi ujao." Mfadhili anayesoma sentensi hiyo ataona kazi inaendelea, na ndicho mwenyekiti anachotaka.

Mkilipa malipo ya awali, bado si matumizi mpaka pampu ipokewe na hati ya mapokezi isainiwe. Yanakaa kama malipo ya mbele, jirani wa masurufu. Na hata siku moja msimwombe muuzaji awaandikie ankara ya tarehe ya nyuma. Mkaguzi hulinganisha ankara na hati ya mapokezi, na huanza na zile za wiki ya mwisho ya kipindi.

Mshahara wangu unalipwa na miradi miwili, nusu kwa nusu. Mmoja umebakiza pesa nyingi na unakaribia kufungwa. Naweza kuuhamishia huko mshahara wote wa miezi mitatu?

Ikiwa kweli uliufanyia kazi mradi huo peke yake, na jedwali la muda wa kazi la miezi hiyo linasema hivyo, ndiyo. Kama jedwali linasema nusu, basi ni nusu. Kuandika jedwali upya sasa ili lifuate salio ni kughushi, hata kama pesa hazikuingia mfukoni mwako.

Mradi umekwisha na zimebaki pesa. Wanachama wanasema tulibana matumizi, kwa hiyo ni zetu. Ni kweli?

Karibu kila mara si kweli. Masharti hayafi kwa sababu tarehe imepita. Yalifungwa na kazi, na kazi ikiisha pesa zinarudi kwa mfadhili au zinasubiri neno lake. Tafuta katika mkataba kifungu cha fedha zisizotumika, na uangalie kimetoa siku ngapi.

Kama kazi yenyewe haijaisha, ombeni kuongezewa muda bila kuongezewa pesa. Ombi hilo lifike kabla ya tarehe ya mwisho. Likifika siku moja baadaye, gharama zote za katikati zinaweza kukataliwa, hata zikiwa na stakabadhi safi. Ambatisheni salio lililosuluhishwa, sababu ya kila fungu kubaki, na ratiba ya kulimaliza.

Sababu ya kubaki ina uzito. Salio la mafunzo ambayo hayakufanyika ni kazi mnayodaiwa. Salio lililotokana na bei kushuka ni akiba halisi, na hapo mfadhili anaweza kuwaruhusu mchimbe kisima kingine. Lililotokana na sarafu yake kupanda thamani ni jambo la tatu: pesa mlizopokea zilikuwa nyingi kuliko bajeti ilivyokadiria, na mkataba ndio unaosema faida hiyo ni ya nani. Msiyachanganye matatu haya katika mstari mmoja ulioandikwa "salio".

Akijibu kwa maandishi kwamba mbaki nazo kwa matumizi yoyote, siku hiyo ndiyo mnazihamisha kutoka mfuko wenye masharti kwenda mfuko huru, mkiambatisha barua yake kwenye vocha ya uhamisho. Akisema kwa simu, ombeni barua. Akinyamaza, zinabaki kwenye mizania chini ya jina lake, mwaka huu na ujao, na mnamkumbusha kwa maandishi kila mnapofunga hesabu.