Kioo, jiwe, mfupa au plastiki: pima ushanga kabla hujalipa

Utungo wa shanga 40 za kijani zenye mistari, kila ushanga upana wa milimita 10, unauzwa kama malakiti, lile jiwe la shaba linalotoka Katanga. Macho hayatakusaidia sana hapo, kwa sababu mistari ile inaigwa vizuri kwenye plastiki na kwenye kioo. Anza na mizani ndogo ya sonara, ile inayoingia mfukoni.

Malakiti halisi ya ukubwa huo itafika karibu gramu 77. Kioo kitakuwa karibu gramu 50, na mawe ya kawaida kama akiki yatapita kioo kwa gramu mbili tatu tu. Mfupa utacheza kwenye gramu 36 hadi 40. Plastiki itakuwa 25 au pungufu. Kwa hiyo mizani ikisoma 25, hakuna la kujadili. Ikisoma 50, umeshajua kwamba si malakiti, lakini hujajua kama ni kioo au jiwe lingine lililotiwa rangi.

Kosa linalowaponza wengi hapa ni kutopima upana. Ushanga wa milimita 9 ukiutazama ni kama wa 10, ila ujazo wake ni pungufu kwa zaidi ya robo. Malakiti ya milimita 9 itakuja na gramu 56 hivi, ukaiona feki bure. Panga shanga kumi kwenye rula, zigusane, usome urefu wote kisha ugawe kwa kumi. Toa pia vifungio vya chuma, au kadiria uzito wake. Tundu pana nalo hupunguza uzito, na wapo wanaoweka kiini cha chuma ndani ya plastiki ili iwe nzito. Ndiyo maana mizani peke yake haitoshi.

Kugusa ndiko kunakoumbua kiini cha chuma, maana ganda la nje linabaki plastiki. Weka ushanga kwenye mdomo wa chini au shavuni, si kwenye kiganja, kwa sababu kiganja huwa kimeshaupasha moto kabla hujaamua. Kioo hushtua kwa ubaridi, halafu baada ya sekunde chache kinazoea joto la mwili. Jiwe la jamii ya akiki huvuta joto haraka kuliko kioo, hivyo ubaridi wake hukaa zaidi. Plastiki haina ubaridi wa kusema. Mfupa uko karibu na plastiki, na hapa ndipo watu huchanganya: wanagusa ushanga wa mfupa wa ng'ombe, wanaona una uvuguvugu, wanaukataa. Kati ya mfupa na plastiki, iamini mizani.

Sasa, kwa walio Mombasa, Tanga au Dar: mchana wa joto kipimo hiki hufa kabisa. Hewa ikikaribia joto la ngozi, kila kitu mezani kinakuwa vuguvugu, na kioo kilichoanikwa juani hukuhisisha kama plastiki. Funga shanga kwenye kimfuko kikavu, kilaze juu ya chupa ya soda baridi dakika tano, ndipo uguse. Usizichovye majini, kwani mfupa hunywa maji na rangi yake huweza kutoka. Beba na ushanga mmoja wa kioo na mmoja wa plastiki unaoujua, uvipoze pamoja, kwa kuwa kulinganisha ni rahisi kuliko kukumbuka.

Sauti iache mwisho. Dondosha ushanga mmoja kutoka sentimita mbili tatu juu ya sahani ya kauri au kigae. Meza ya mbao humeza mlio, na ushanga uliokazwa kwenye uzi haulii vizuri. Kioo na jiwe hutoa mlio mkali, mwembamba. Plastiki hutoa mlio butu. Mfupa hulia kavu, kama vijiti vikigongana. Kutenganisha kioo na jiwe kwa sikio ni kujidanganya, lakini sauti ina faida nyingine: kioo kinacholia butu huenda kina ufa, na ufa huo utakata uzi wako. Wapo wanaogonga kwenye meno. Inafanya kazi, ila fikiria mikono mingapi imepita hapo.

Shanga ndogo za kazi ya Kimasai hazipimiki moja moja. Chota kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa cha zile unazozijua kuwa kioo, upime. Kisha chota zile zinazouzwa, za ukubwa uleule. Plastiki itakuja na chini ya nusu ya uzito. Ikiangukia katikati, zimwage kwenye sahani uzitazame vizuri: mara nyingi pakiti imechanganywa.