Asilimia 87 imekubaliwa, lakini wastani umekosewa

Swali: "Wakuu, najaribu mbinu ya Metropolisi ya kuchota sampuli kwa f(x) = exp(-x²/2), naanzia x = 50, hatua ya 0.1, mara 5,000. Mapendekezo 87% yanakubaliwa, ila wastani unatoka karibu 7 badala ya 0. Nimekosea wapi?"

Mkuu, msimbo wako huenda hauna kosa. Hata mimi, nilipokuwa nakadiria uwezekano wa mbegu kuota, niliamini kwamba kukubaliwa sana ndiko kuzuri. Hatua ikiwa ndogo, pendekezo liko jirani kabisa na ulipo, kwa hiyo linakubaliwa karibu kila mara, na mnyororo, yaani mfululizo wa thamani za x, unasogea kidogo sana.

Ukiwa kwenye 50, hatua za kupanda mlima wa f, yaani za kuelekea 0, zote zinapita, za kushuka nyingi zinakataliwa. Kwa hatua ya 0.1 unasogea wastani wa 0.04 tu kila mara, na kadiri unavyokaribia 0 mwendo unazidi kupungua. Kufika kunachukua kama hatua 1,500. Thamani za safari hiyo ndizo zilizouvuta wastani wako hadi 7. Chora njia yote kwenye grafu, utaona mteremko mrefu kabla ya kutulia. Huo ndio wa kutupa. Ukishautupa, kiwango cha kukubaliwa kitapanda hadi karibu 97%, maana 87 ilichanganya safari na makazi.

Sasa hatua yenyewe. Kwa f hii, mnyororo ukishatulia, kiwango cha kukubaliwa ni (2/π)·arctan(2/s), s ikiwa ukubwa wa hatua. Hatua ya 30 inatoa kama 4%, na grafu inakuwa ngazi zenye sakafu ndefu. Hatua ya 2.4 inatoa 44%, ndiyo shabaha nzuri kwa kigezo kimoja. Vigezo vikiwa vingi, lenga kama 23%. Ukianza na 2.4, kutoka 50 unafika kwa hatua 50 hadi 60 hivi.

```python
y = x + random.gauss(0, s)
if math.log(1 - random.random()) < (x*x - y*y)/2:
    x = y
njia.append(x)
```

Nimetumia logi kwa makusudi: exp(-1250) kwenye kompyuta ni sifuri, na sifuri kwa sifuri haigawanyiki. Kigawanyo cha f, kile cha kufanya eneo lake lote liwe 1, hukihitaji: kinajifuta chenyewe kwenye uwiano. Ona pia `njia.append(x)` iko nje ya `if`: pendekezo likikataliwa, thamani ya zamani inaandikwa tena.

Mimi hupima kila hatua 500: kiwango kikizidi 50% naongeza s kwa nusu yake, kikishuka chini ya 30% naipunguza. Kisha naigandisha s, natupa yote yaliyotangulia, ndipo naanza kuhesabu. Kuendelea kuibadilisha s kwa kufuata njia iliyopita kunaweza kuharibu jibu.

Ila 44% haikuhakikishii kitu f ikiwa na vilima viwili, tuseme kwenye -10 na 10: mnyororo unaweza kutulia vizuri kwenye kimoja bila kukiona kingine. Endesha minyororo kadhaa kutoka sehemu za mbali, pande zote mbili, uone kama wastani zao zinakutana.