Mgonjwa wa sirosisi amechanganyikiwa: usiandike laktulosi ukaishia hapo

Mwanafunzi mmoja wa udaktari ameniandikia kwa uchungu: amepata nusu ya alama na haelewi kwa nini. Swali lilikuwa hili. Mwanamume wa miaka 52 ana sirosisi ya ini, tumbo limejaa maji, amechanganyikiwa kwa siku mbili, na akinyoosha mikono viganja vinapigapiga. Joto 37.9. Anameza furosemaidi miligramu 80 kwa siku, hajapata choo siku nne, potasiamu ni 2.8. Alijibu: ensefalopathi, apewe laktulosi. Sawa, lakini hakutafuta kilichoichochea.

Amonia hutoka zaidi utumboni, na ini lenye afya huigeuza kuwa urea. Ini lenye makovu haliwezi, tena sehemu ya damu hulikwepa kupitia mishipa ya pembeni, ikiwemo ile inayovimba kwenye umio. Amonia ikifika kwenye ubongo, seli za astrosaiti huigeuza kuwa glutamini, ambayo huvuta maji na kuzivimbisha. Choo kikikaa, bakteria hupata muda wa kutengeneza amonia zaidi. Potasiamu ikishuka, figo nazo huongeza yao. Na damu ikivujia ndani ya utumbo ni protini tupu kwa bakteria hao, kwa hiyo kagua kama choo ni cheusi.

Kichochezi kinachosahaulika ni maambukizi ya maji ya tumbo. Mgonjwa anaweza asiwe na maumivu wala homa kali. Toboa tumbo, uchukue maji siku hiyo hiyo, na usisubiri plazma eti INR iko juu. Huyu alikuwa na nutrofili 420 kwa milimita moja ya ujazo. Mpaka ni 250. Hapo anza seftriaksoni bila kungoja majibu ya kuotesha.

Pima pia albumini: ya damu 22, ya maji 8, tofauti 14 gramu kwa lita. Ikifika 11 au zaidi, chanzo ni shinikizo la mshipa wa poto. Kifua kikuu cha tumbo kwa kawaida hutoa tofauti ndogo. (Kichocho cha kandokando ya Ziwa Viktoria nacho hupandisha shinikizo hilo, ila seli za ini hubaki zikifanya kazi, ndiyo maana mgonjwa hutapika damu huku akili zake zikiwa timamu.)

Shinikizo hilo hulegeza mishipa ya utumbo, figo hudhani damu imepungua na kushikilia chumvi na maji. Maambukizi huilegeza zaidi, figo hufa njaa. Ndiyo sababu ya kumpa albumini kwenye mshipa: gramu 1.5 kwa kilo siku ya kwanza, gramu 1 kwa kilo siku ya tatu. Mwenye kilo 60 huanza na gramu 90.

Simamisha furosemaidi, rudisha potasiamu, kisha laktulosi, ukipandisha dozi mpaka apate choo laini mara mbili au tatu kwa siku. Akiharisha kupita hapo, anakauka na kuchanganyikiwa upya.