Kakakuona wanapotea kwa sababu gani: ni majangili tu?

"Wakuu, kila siku tunasoma kakakuona wanakwisha. Ni magamba yanayouzwa Asia tu, au kuna kingine? Na hao wa uhifadhi wanafanya nini hasa, mbali na kupiga picha?"

Mkuu, magamba yamo, na kwa wingi. Aprili 2019 Singapore walikamata makontena mawili kutoka Nigeria ndani ya wiki moja, kila moja likiwa na zaidi ya tani 12 za magamba, yakielekea Vietnam. Kakakuona wa Asia walishawindwa mno, wanunuzi wakahamia kwetu. Biashara ya kimataifa ilipigwa marufuku kwa spishi zote nane kwenye mkutano wa 2016 wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, lakini mnyama huyu ni rahisi kupita kiasi kumkamata. Akiogopa anajikunja akawa duara. Simba anashindwa kumfungua, binadamu anamtia tu kwenye gunia. Na anazaa mtoto mmoja kwa mara, kwa hiyo pengo halizibiki haraka.

Lakini huku Trans Mara, kandokando ya msitu wa Nyakweri, anauawa pia na kitu ambacho hakuna aliyekiweka kwa ajili yake. Mimi ni fundi wa fensi za umeme, kwa hiyo nitaeleza ninachokijua.

Nyakweri ni mojawapo ya sehemu chache sana Kenya zilizobaki na kakakuona mkubwa, yule anayepita kilo 30. Ardhi ilikuwa ya ranchi za kikundi, ikagawanywa, kila mtu akapata hati yake. Baada ya hati huja msumeno, mkaa, halafu mahindi. Ukilima mahindi kwenye njia ya tembo lazima uweke fensi. Ndipo wanaponiita.

Mashine ya fensi haipeleki umeme mfululizo. Inapiga shoti fupi yenye volti elfu kadhaa, kama mara moja kwa sekunde. Ng'ombe akiguswa anaruka nyuma, na shoti inayofuata haimkuti. Kakakuona anatembea usiku akinusa mchwa na siafu, tumboni hana magamba. Akiguswa na waya wa chini anafanya alichozoea: anajikunja, na waya ukiwa katikati. Kila sekunde anapigwa tena, na kila akipigwa anazidi kukaza. Asubuhi unamkuta bado ameukumbatia waya, tumbo limeungua.

Sasa tembo hahitaji waya wa chini. Anazuiwa na zile za juu. Kwa hiyo kazi tunayofanya na miradi ya uhifadhi huku ni ndogo ajabu: unakata kiungo kinachopeleka umeme kwenye waya wa chini, au unauondoa kabisa. Nyingine zinabaki na moto wake.

Mzee mmoja pembeni mwa msitu alinikatalia mwanzoni. "Kijana wangu, nguruwe pori atazuiwa na nini?" Swali la haki, na sikuwa na jibu zuri. Kilichomlegeza ni nyasi. Waya wa chini ukiguswa na majani mabichi unavujisha umeme ardhini, betri ya sola inakwisha kabla ya alfajiri, na fensi nzima inakuwa kamba tu. Nikapima mbele yake: tulipoukata ule wa chini, volti za juu zikapanda. Akakubali. Nguruwe bado wanamsumbua, anawafukuza kwa mbwa.

Fensi pekee haitoshi kama msitu wenyewe unaondoka, maana mashimo na chakula chake vimo humo. Ndiyo maana wenye ardhi wanalipwa wauache msitu usimame, na vijana wa hapahapa wanaajiriwa kupiga doria na kutega kamera kwenye mashimo. Udhaifu wake uko wazi: malipo yakichelewa, mkaa hauchelewi.

Kumfuga ili azaane? Sahau. Anachagua mchwa na siafu wake, na kizuizini wengi hufa kwa msongo na maradhi. Zimbabwe, kwenye kituo cha Tikki Hywood, kila aliyeokolewa ana mlezi wake wa kutembea naye porini kwa saa nyingi ili ajitafutie mwenyewe.

Ukimkuta kwenye fensi, zima mashine kwanza, kabla ya kumgusa. Usimvute wala usimfungue kwa nguvu. Ondoa watu na mbwa, mwache atulie ajikunjue mwenyewe, usimpe maziwa wala ugali. Piga simu kwa watu wa wanyamapori: KWS ukiwa Kenya, TAWA ukiwa Tanzania. Hata akiondoka kwa miguu yake waambie, kwa sababu majeraha ya ndani hayaonekani.