Maswali ya wasomaji: mshahara na madeni ya mwisho wa mwezi

*Nina karakana ya mbao Mafinga, vijana sita. Kitabuni naandika ile pesa ninayowapa mkononi. Nakosea?*

Ndiyo, kaka. Chukua kijana mmoja wa 500,000 kabla ya makato. NSSF anakatwa asilimia 10, yaani 50,000. Kodi ya mshahara, PAYE, inapigwa kwenye 450,000 zilizobaki: 270,000 za mwanzo hazitozwi, na 180,000 za juu yake zinatozwa asilimia 8, ambayo ni 14,400. Mkononi anapata 435,600.

Lakini wewe pia unachangia NSSF 50,000, na WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, asilimia 0.5, yaani 2,500. Hizi hazitoki kwake kamwe. Kijana huyo amekugharimu 552,500. Ukiandika 435,600, umeacha nje 116,900. Kama wote sita wanalipwa sawa, ni 701,400, na faida yako ya mwezi imevimba kwa kiasi hichohicho.

*Nimelipa mishahara tarehe 30, benki ikabaki laki saba na kidogo. Ninunulie magogo?*

Usiiguse, tafadhali. Hizo ndizo 701,400 zenyewe: NSSF 600,000, PAYE 86,400 na WCF 15,000. Ni deni, na liandikwe hivyo siku mwezi unapofungwa, hata kama hakuna aliyekuja kudai. PAYE inatakiwa TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha. NSSF ina nafasi ya mwezi mmoja, na hapo ndipo wengi wanapojikwaa: pesa inaonekana imelala, inaingia kwenye magogo, mbao zinachelewa kuuzwa, kumbe nusu ya 600,000 ilishakatwa kwa vijana.

*Fundi alichukua laki moja katikati ya mwezi. Kodi yake inapungua?*

Haipungui. Makato yanapigwa kwenye 500,000 ileile, kisha laki inatolewa mwisho, anapokea 335,600. Siku alipoichukua uliiandika kama pesa unayomdai. Ukiiita gharama, utakuwa umeihesabu mara mbili.

*Mimi ni karani wa hesabu Iringa. Tukishalipa NSSF 600,000, akaunti ya deni la NSSF inabaki debiti 300,000. Tumelipa zaidi?*

Sidhani, dada. Mwezi ulipofungwa, akaunti iliwekewa krediti ya makato ya wafanyakazi tu, 300,000, halafu malipo yakatoka kamili. Sehemu ya mwajiri haikuandikwa. Debiti gharama ya mchango wa mwajiri 300,000, krediti deni la NSSF, kwa tarehe ya mwezi ule wa kazi, na akaunti itasoma sifuri. Ikibaki krediti inayokua kila mwezi, hilo ni jambo jingine na zito zaidi: makato yanafanyika ila hayapelekwi. Hapo linganisha risiti za malipo na orodha ya mishahara, mwezi kwa mwezi, mpaka uupate ulioachwa.